Vidonge vya majira na kipanda uso: presha ina mashine, aura ina swali tu

Ukienda kliniki ya uzazi wa mpango hapa Dar kuchukua vidonge vya majira, kitu cha kwanza unafungwa ule mkanda wa presha mkononi, manake kila mtu anajua vidonge na presha haviendani. Umri wako upo kwenye kadi. Sigara unaulizwa. Mtu aliyewahi kulazwa kwa damu kuganda mguuni hasahau, atakwambia mwenyewe kabla hujamuuliza. Sasa kuna kitu kingine ambacho kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kimewekwa daraja baya kuliko yote, sawa kabisa na presha ya 160, ila hakina mashine ya kukipima, hakiandikwi kwenye kadi, na mwenye nacho mara nyingi hajui hata kama kina jina. Ni kile kipanda uso kinachotanguliwa na dalili za machoni. Madaktari zile dalili wanaziita aura.

Mimi ni nesi, nimekaa chumba cha uzazi wa mpango miaka 11, na naandika hii kwa sababu kuna dada wa Mbagala nilimpa vidonge mara mbili nikiwa sijamuuliza vizuri. Nilimuuliza, ndiyo, lakini niliuliza vibaya. Nilisema "una matatizo ya kichwa kuuma sana?" akasema "ya kawaida tu sista," nikaweka tiki kwenye hapana. Miezi tisa akarudi kuchukua pakiti zingine, na safari hii nilikuwa na muda, foleni ilikuwa fupi, tukaongea.

Kabla sijafika kwake niweke wazi tunaongelea vidonge gani, maana watu wanachanganya. Vidonge vya majira vipo vya aina mbili. Kuna vyenye homoni mbili ndani yake, estrojeni na projestini, na kuna vyenye projestini peke yake, ambavyo tunawapa sana wanaonyonyesha. Ukitaka kujua vyako ni vipi geuza pakiti, kama kumeandikwa dawa mbili na vipimo viwili, mfano 0.15 mg na 0.03 mg, basi ni vya homoni mbili, na ile ndogo ya 0.03 ndiyo estrojeni. Vile vidonge 7 vya kahawia vya mwisho havina homoni, ni madini chuma tu. Shida yote ninayoieleza hapa inatoka kwenye estrojeni. Stika za kubandika na pete ya ukeni nazo zina estrojeni kwa hiyo habari ni ile ile, ingawa hapa kwetu ni nadra kuziona. Sindano ya miezi mitatu haina. Vijiti vya mkononi havina. Kitanzi cha madini ya shaba hakina homoni yoyote. P2 nayo, ambayo naulizwa kila wiki, haina estrojeni, ingawa siyo kitu cha kumeza kila mara kama njia ya kudumu.

Estrojeni inafanya nini? Ukimeza inapita kwenye ini, na ini ndiyo kiwanda cha zile protini zinazofanya damu igande. Ikikutana na estrojeni ya kwenye kidonge ini inatengeneza protini za kugandisha kwa wingi zaidi na inapunguza zile zinazozuia damu isigande ovyo. Ini hiyo hiyo inaongeza pia protini moja ambayo ndiyo mwanzo wa mnyororo wa kubana mishipa na kubakiza chumvi mwilini, ndiyo maana presha ya baadhi ya wanawake inapanda wakianza vidonge. Kwa mwanamke mzima wa afya, kijana, asiyevuta, mwili unalibeba hilo vizuri na hakuna kinachotokea. Tatizo linakuja pale ambapo mishipa yake tayari ina sababu nyingine.

Kwenye mishipa inayorudisha damu, ile ya miguuni, namba zinasema hivi: kwa wanawake 10,000 ambao hawatumii chochote na hawana mimba, kwa mwaka kama 2 watapata donge la damu. Wakimeza vidonge vyenye levonojestreli, ambayo ndiyo projestini iliyo kwenye pakiti nyingi tunazotoa, wanakuwa kama 5 mpaka 7. Vidonge vyenye baadhi ya projestini mpya zaidi, 9 mpaka 12. Na mimba yenyewe inazidi hapo, hasa zile wiki za mwanzo baada ya kujifungua, kwa hiyo mtu asikimbie vidonge halafu abaki hana njia yoyote, hapo hajajiokoa. Hatari ni kubwa zaidi mwaka wa kwanza wa kutumia, na inaanza upya kama umeacha mwezi au zaidi ukarudia. Dalili yake ni mguu mmoja, narudia mmoja, unavimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma chini ya goti, au pumzi inakata ghafla na kifua kinachoma ukivuta hewa. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Aliyewahi kupata donge hilo, vidonge vya homoni mbili kwake vimefungwa moja kwa moja. Mama au dada yake wa tumbo moja alipata, yeye hajawahi, anaweza kutumia ila kwa kuangaliwa.

Mishipa ya kupeleka damu, ya kwenye ubongo na moyo, ni habari nyingine, na huko ndiko sigara, presha na aura vinakutana.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake wa nani anafaa njia ipi, ulianza 1996 na toleo la 5 lilitoka 2015, na sisi manesi wengi tunautumia kwa lile duara la karatasi unalizungusha unapata jibu. Unagawa watu madaraja manne. Daraja 1 tumia bila wasiwasi. Daraja 2 faida inazidi hatari, tumia. Daraja 3 hatari kwa kawaida inazidi faida, usipewe labda kama njia nyingine zote hazipatikani au hazikubali na kuna mtu wa kukufuatilia kwa karibu. Daraja 4 usitumie, nukta. Kumbuka daraja linakwenda kwa njia na hali, haliwekwi kwa mtu. Mwanamke huyo huyo anaweza kuwa 4 kwa vidonge vya homoni mbili na 1 kwa kitanzi cha shaba siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa dada wa Mbagala. Ana miaka 36, watoto wawili, anauza vitambaa Kariakoo. Kadi yake inaonyesha alipoanza vidonge alikuwa na 35, presha 128/82. Siku hiyo mashine ikasoma 152/96. Nikamuuliza umekujaje, akasema kashuka daladala kakimbia mvua, na asubuhi kanywa kahawa. Hiyo presha siyo ya kuandika. Nikamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini asikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nikamwambia aende kwanza chooni kama kabanwa, tusiongee dakika tano. Nikabadilisha na mkanda nikachukua mpana, kwa sababu mkono wake ni mnene na mkanda mdogo kwenye mkono mnene unadanganya, unasoma juu kuliko ukweli. Ikaja 146/92. Nikarudia baada ya dakika mbili, 146/90.

Kipimo cha siku moja hakimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa presha, hiyo ifahamike. Lakini kwa vidonge vya homoni mbili, ya juu ikiwa kati ya 140 na 159 au ya chini kati ya 90 na 99 ni daraja 3, na ikifika 160 au 100 ni daraja 4. Na kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba hata presha iliyotulia kwa dawa bado ni daraja 3, watu wanadhani wakimeza dawa ya presha ikashuka wako huru, hapana, mishipa inakumbuka. Ila aliyepandisha presha kwenye ujauzito tu na sasa imerudi sawa kabisa, yeye ni daraja 2.

Kwa hiyo tayari nilikuwa na sababu ya kumbadilishia. Nikamuuliza lile swali la kichwa, safari hii kwa njia nyingine kabisa. Sikusema "kichwa kinauma." Nikamwambia "kabla kichwa hakijaanza kuuma, kuna kitu macho yako yanakuonyesha?"

Akanyamaza kidogo, akasema kumbe na hiyo unauliza.

Akanieleza kwamba siku moja yuko kituoni anasubiri gari, anatafuta ya Mbagala Rangi Tatu. Anasoma maandishi ya kwenye daladala anaona "Mbagala" lakini mbele yake hamna kitu, siyo giza, ni kama pale katikati pamefutwa. Akamwangalia konda usoni, jicho moja la konda halipo. Akadhani ni jua. Halafu pembeni ya lile pengo kukaanza kitu kinacheza, mistari imepinda pinda inametameta kama hewa ya juu ya lami saa nane mchana, ikawa inakua, inasogea kwenda pembeni taratibu. Amepanda gari, mpaka wanafika Mtoni bado ipo. Ikaisha kabla hajashuka, na ndipo kichwa kikaanza, upande mmoja, kinagonga, akifika nyumbani anafunga pazia analala na kutapika.

Nikampa kalamu nikamwambia achore nyuma ya karatasi. Akachora nusu duara kama herufi C, na ukingo wote wa nje akauwekea meno meno kama msumeno. Nimeona mchoro wa aina hiyo mara nyingi sasa, wanawake ambao hawajawahi kuonana wanachora kitu kimoja.

Huo mchoro una sababu. Aura ni wimbi la umeme linalotembea polepole juu ya ubongo, kama milimita 3 kwa dakika, linawasha seli kisha linazizima nyuma yake. Likipita sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshughulikia kuona, kule mbele linapofika unaona mistari inayometa, kule lilikopita linaacha pengo. Ndiyo maana picha inakua na kusogea, na ndiyo maana inachukua muda, kila dalili inajijenga ndani ya dakika 5 au zaidi na inadumu kati ya dakika 5 na saa moja, kichwa kinafuata ndani ya saa moja hivi. Na kwa kuwa kitu kiko kwenye ubongo na siyo kwenye jicho, ukifumba jicho moja unakiona, ukifumba lingine bado unakiona. Dada alikuwa ameshajaribu hilo mwenyewe pale garini bila kuambiwa na mtu. Alikuwa ameshapima macho pia akaambiwa macho mazima, na ni kweli yalikuwa mazima.

Kuna wengine aura yao siyo ya macho. Ganzi inaanza kwenye vidole, inapanda mkono pole pole, inaruka mdomoni na kwenye ulimi, upande mmoja. Wengine maneno yanakataa kutoka kwa dakika kadhaa. Hizo zote zinahesabika.

Na kuna vitu ambavyo siyo aura, na hapa lazima niseme kwa urefu kwa sababu ukikosea upande huu unamnyima mtu vidonge bure. Mwanga kukuumiza macho wakati kichwa kinauma siyo aura, hiyo ni ya kipanda uso chochote. Kuona ukungu ukungu macho yote mawili wakati maumivu yameshaanza, siyo. Vimulimuli vya sekunde chache ukisimama ghafla, hiyo ni damu kushuka, siyo. Kizunguzungu peke yake, kichefuchefu, kupiga miayo na hamu ya kula vitu siku moja kabla, siyo. Mimi huwa naangalia mambo matatu tu: inaanza taratibu na kukua, inakaa dakika 5 mpaka 60, halafu inaondoka yenyewe kabisa. Kama mtu ananiambia "nyotanyota" namuuliza zilikaa muda gani, na hapo ndipo jibu linapopatikana, kwa sababu kwenye Kiswahili chetu nyotanyota inaweza kuwa chochote kuanzia njaa mpaka kiharusi.

Nikitaja kiharusi, tofauti yake na aura ni kwamba chenyewe kinakuja ghafla, kwa mara moja, na kinaondoa, hakiongezi. Hakuna mistari inayometa. Mdomo umekwenda upande, mkono umekufa, maneno yanavutika, jicho moja limezimika kama umezima taa. Hapo usikae kusubiri dakika 60 ziishe uone kama ni aura, unapelekwa hospitali muda huo huo. Hata aura ya mara ya kwanza kabisa kwenye maisha yako, au iliyozidi saa moja, nenda ukaonwe na daktari.

Kwa nini aura iwe daraja 4 kwa umri wowote, hata binti wa miaka 19? Kwa sababu yenyewe peke yake inaongeza uwezekano wa kiharusi cha mshipa kuziba, na estrojeni inaongeza, na vikikutana havijumlishwi kawaida. Wataalamu wa Ulaya walipiga mahesabu 2017 wakapata kitu cha namna hii. Chukua wanawake 100,000 vijana, yaani ujaze Uwanja wa Mkapa wote, kisha ujaze tena zaidi ya nusu yake. Wasio na kipanda uso na wasiotumia homoni, kwa mwaka kiharusi hicho kinampata mmoja, wawili, watatu hivi. Wenye aura bila homoni, kama 6. Wanaotumia homoni bila kipanda uso, nao kama 6. Wenye aura na wanatumia, kama 37. Bado ni watu 37 kati ya laki moja, sitaki mtu aliyemeza jana usiku apate presha kwa kunisoma. Lakini ni kiharusi, kwa mama wa miaka 30, kwa ajili ya kitu ambacho kina mbadala watano wenye kuzuia mimba sawa au zaidi. Hiyo biashara hailipi.

Tumchukue sasa dada huyu huyu tumbadilishe kidogo kidogo, ndiyo utaelewa duara linavyofikiri. Mwondolee aura, mwachie kipanda uso cha kawaida, na presha iwe nzuri. Kwa kuwa ana 36, kuanza vidonge ni daraja 3, na kama kilimkuta au kiliendelea akiwa tayari anameza, kuendelea ni daraja 4. Angekuwa chini ya 35, kuanza ni 2 na kuendelea ni 3. Wapo wanaoumwa kichwa zile siku za vidonge vya kahawia tu, homoni inaposhuka, hao wengi hawana aura, ila nao waulizwe muda na mistari kama wengine.

Mwondolee kipanda uso chote, mpe sigara. Chini ya miaka 35 mvutaji ni daraja 2, kwa sababu mshtuko wa moyo kwa umri huo ni nadra sana hata ukiuzidisha mara kadhaa unabaki mdogo. Kuanzia 35 msingi wenyewe umeshaanza kupanda, na kitu kinachozidisha kinazidisha namba kubwa zaidi. Hapo chini ya sigara 15 kwa siku ni daraja 3, kuanzia 15 ni 4. Hiyo 35 siyo kwamba usiku wa kuamkia bethidei mishipa inabadilika, ni mstari wameuchora mahali ambapo mlima unaanza kuwa mkali. Wanawake wengi hapa wakiulizwa sigara wanasema hapana kwa aibu, hasa kama wamekuja na wifi au mama mkwe amekaa nje kwenye benchi, kwa hiyo mimi nafunga mlango kwanza. Na shisha ya wikiendi naiuliza kwa jina lake, kwa sababu mtu anakwambia sivuti sigara na anasema kweli, kumbe anakaa saa mbili kwenye shisha kila Ijumaa. Ule nao ni moshi wa tumbaku.

Halafu mpe vitatu vyote vidogo: 36, sigara nne kwa siku, presha 142/90. Umri peke yake usingemzuia, ila sigara kwa umri huo peke yake ingemweka 3, na presha hiyo peke yake nayo 3. Mwongozo unasema sababu kadhaa zikikutana ni 3 au 4, na uamuzi unaachiwa mtoa huduma, mimi hapo simpi.

Dada wetu lakini hakuhitaji mahesabu hayo. Aura ilimaliza mjadala hata presha ingekuwa 110/70. Nikamwambia leo ndiyo mwisho wa hivi vidonge, akauliza swali ambalo ndilo la maana, "nikiacha leo mimba je?" Kwa sababu kumwambia mtu acha na kumfungulia mlango ni kumtoa kwenye hatari moja kumweka kwenye nyingine. Yeye alikuwa anameza bila kuruka, kwa hiyo angeweza kuwekewa njia nyingine siku hiyo hiyo, bila kusubiri hedhi na bila kuhitaji kondomu za kujazia. Angekuwa ameruka ruka vidonge, tungehakikisha kwanza hana mimba na angetumia kondomu siku 7 baada ya kuwekewa kijiti.

Kitanzi cha shaba kwake ni daraja 1 kwa aura na 1 kwa presha, na kinakaa miaka 10. Akakataa, hedhi yake tayari ni nzito na shaba inaiongeza, nikaona ana haki. Sindano ya miezi mitatu kwa presha yake ya 146 ni daraja 2, ila ingefika 160 ingekuwa 3, na sindano ukishachoma huwezi kuitoa, miezi mitatu unayo. Kijiti ni 2 kwa aura na 1 kwa presha kama yake, na ukikichoka kinatolewa. Akachagua vijiti viwili vya miaka mitano. Nilimwambia pia kwamba hii 2 ni ya kuanza, ikitokea aura zikaongezeka sana au zikabadilika sura akiwa na vijiti arudi, kwa sababu hapo tunafikiria upya.

Kwenye kadi yake, juu kabisa, nikaandika kwa kalamu nyekundu: KIPANDA USO CHENYE AURA, ASIPEWE ESTROJENI. Nikamwambia aipige picha aiweke kwenye simu, maana siku kadi imelowa au amekwenda famasi ya mtaani kwao, yule wa dirishani hatamuuliza kitu, atamuuliza tu anataka pakiti ngapi.

Kwa presha nilimrudisha mara mbili, wiki kwa wiki, zikawa 138/88 na 134/86. Mwezi wa tatu 130/84. Mistari ile bado anaiona, vijiti havikuja kuiondoa, mara mbili ndani ya miezi hiyo mitatu, na sasa amepewa rufaa kwa daktari kwa ajili ya kipanda uso chenyewe. Mdogo wake wa miaka 22 alimsindikiza siku ya mwisho, anataka kuanza vidonge kwa sababu ya hedhi inayomsumbua. Nikafunga mlango, nikampima presha, 112/70, nikamuuliza kuhusu mistari. Akasema hajawahi kuona kitu kama hicho, dada yake akachukua kalamu akamchorea ili awe na uhakika, akaangalia akasema hapana. Nikampa pakiti tatu.